Stori namba 14: kupitia orodha ya kazi kabla haijaingia kwenye sprinti
(Hotuba kwa wasanidi programu na wasimamizi wa miradi, Bagamoyo)

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia namna ya kupitia orodha ya kazi zinazosubiri, na sitaitumia kueleza stori ya mtumiaji ni nini, maana wengi wenu mnaziandika kila wiki. Nitachukua stori moja tu, mbovu, ya aina inayokutwa karibu katika kila orodha, tuifungue mpaka tuone kilichojificha ndani yake. Mfano ni wa kubuni, ila mazingira yake mnayajua: programu ya simu ya kurekodi mnada wa samaki hapa ufukweni Bagamoyo. Chombo kinarudi, samaki wanashushwa, dalali ananadi, mnunuzi anapatikana, ushuru unakatwa, na mwenye chombo anataka kujua amebakiwa na shilingi ngapi. Stori namba 14 kwenye orodha ya mradi huo inasema:

"Kama dalali, nataka kusimamia mnada kwa urahisi ili kazi iende haraka na ushuru ulipwe."

Ukiisoma mbio, haina tatizo. Ina nani, ina anachotaka, ina sababu. Muundo huo ulianzia kwa timu moja ya kampuni ya Connextra, London, mwaka 2001, na umeenea kiasi kwamba watu wengi wakiuona umejazwa wanaridhika. Hapo ndipo mtego ulipo: nafasi tatu zimejazwa, lakini msanidi akikaa nayo asubuhi hajui aanze kuandika nini, na mpimaji akiletewa kazi hajui apime nini.

Katika kupitia orodha tunatafuta kasoro tatu: maneno yasiyo na mipaka, kukosekana kwa vigezo vya kukubali kazi, na stori kubwa isiyoweza kuisha ndani ya sprinti moja. Timu nyingi huzikagua kama mambo matatu yaliyo mbalimbali. Mimi naona kasoro zote tatu zina mzizi mmoja, na kwamba vigezo ndivyo vinavyoufukua. Maneno yakiwa hayana mipaka huwezi kuandika vigezo. Na usipoandika vigezo huwezi kuona ukubwa wa kazi. Kwa hiyo tutakwenda kwa mpangilio huo: maneno, vigezo, kisha kukata.

Tuanze na maneno.

Katika stori yetu neno baya kuliko yote ni "kusimamia". "Haraka" na "urahisi" kila mtu anayaona kuwa ni matatizo, na hata mwandishi aliyeyaandika atakubali ukimuuliza. "Kusimamia" linapita kimya kwa sababu ni kitenzi, linaonekana kama kazi. Sasa muulize dalali kusimamia mnada maana yake nini, naye atakuhesabia: kuandika chombo kilichofika na nani nahodha, kuandika samaki walioshushwa, kunadi, kuandika bei ya mwisho na mnunuzi, kupokea fedha au kuandika deni, kukata ushuru, kutoa risiti, kusahihisha palipoandikwa vibaya, kufunga hesabu ya siku. Hizo ni kazi tisa ndani ya kitenzi kimoja. Wenzake ni "kushughulikia", "kuratibu", "kuwezesha" na "kuboresha". Ukikutana na kitenzi cha aina hiyo, usijaribu kukifafanua kwa sentensi nyingine. Mwombe mhusika ataje vitendo vyenyewe kimoja kimoja, kama vinavyofanyika kwa mkono.

Pili, kiunganishi "na". "Kazi iende haraka na ushuru ulipwe." Kazi ikienda haraka anafaidika dalali na mnunuzi. Ushuru ukilipwa inafaidika halmashauri. Hao ni watu wenye haja tofauti, na siku moja haja zao zitagongana: dalali atataka auze sasa na aandike baadaye, mkusanya ushuru atataka kila fungu liandikwe kabla halijaondoka ufukweni. Stori yenye "na" katika sehemu ya sababu karibu kila mara ni stori mbili.

Tatu, nani. Tumeandika "dalali", lakini dalali akiwa ananadi mikono na macho yake yako kwa wanunuzi, hashiki simu. Anayeandika ni karani aliyesimama pembeni. Ukimjengea dalali skrini, utakuwa umemjengea mtu asiyeitumia. "Mtumiaji" ni jina baya zaidi, maana linamfaa kila mtu. Taja anayegusa kioo.

Kuna ukungu mwingine unaotokana na namna tunavyoandika Kiswahili chetu, na miongozo ya kigeni haiwezi kutuonya kuhusu huo. Kitenzi chetu kinabeba nafsi yake ndani, basi tunaacha kutaja mtenda na mtendwa. "Ikishahifadhiwa itumwe." Nini ikishahifadhiwa? Bei, ripoti, risiti na picha zote zinachukua "i". Itumwe na nani, kwa nani? Mwandishi alijua, msomaji wa baada ya wiki tatu hajui. Dawa yake ni kurudisha nomino hata kama sentensi itakuwa nzito: "Karani akishahifadhi bei, mfumo umtumie mwenye chombo ujumbe mfupi wenye bei hiyo." Nzito, lakini ina mtu mmoja, kitu kimoja na mpokeaji mmoja.

Na saa. Kigezo kikisema "ripoti itumwe saa 12 jioni", mzee wa soko anakusudia magharibi, na msanidi anayewaza kwa saa ya kompyuta anaweza kuandika 12:00, jua likiwa utosini. "Saa 8" bila neno la kuifuata inaweza kusomwa 14:00, 02:00 au 08:00. Kwenye stori andika saa mara mbili: ya watu na ya mashine, yaani saa 12 jioni, 18:00. Hali kadhalika "leo": chombo kilichotoka jioni kuvua usiku kinarudi alfajiri. Samaki hao ni wa siku gani kwenye ripoti? Mfumo usipoambiwa utakata siku saa 6 usiku, 00:00, na mwenye chombo atauliza kwa nini safari moja imegawanyika. Jibu linaweza kuwa "siku ya mnada ndiyo siku ya rekodi", na linatosha, mradi limeandikwa.

Kama orodha yenu ina stori mia mbili, msizisome zote kwa macho mkitafuta maneno haya. Itoeni kwenye Jira au popote mnapoiweka, kwa faili la CSV, kisha:

```
grep -n -i -E "simami|rahisi|haraka|vizuri|ipasavyo|mbalimbali|n\.k" orodha.csv
```

Angalieni kwamba nimetafuta "simami", sikutafuta "kusimamia", na sikuweka `-w` ya kudai neno zima. Vitenzi vyetu vinabadilika mbele na nyuma. Ukitafuta neno zima utakosa "kuusimamia", "usimamizi" na "yasimamiwe". Kwa "rahisi" utapata pia "urahisi" na "kurahisisha". Mtaletewa na mistari isiyo na kosa, kwa mfano stori inayomtaja "msimamizi wa soko" kihalali. Hiyo si hoja. Amri hii inaonyesha mahali pa kusoma, haitoi hukumu.

Sasa "haraka". Msilifute, maana mara nyingi lina haja ya kweli nyuma yake. Libadilisheni liwe kipimo chenye vitu vinne: kitendo gani, kwenye kifaa gani, katika hali gani ya mtandao, na kwa muda gani. "Karani akibonyeza Hifadhi, kwenye simu yenye RAM ya GB 2 na mtandao wa 3G, uthibitisho uonekane ndani ya sekunde 3, katika majaribio 95 kati ya 100." Namba hizo ni za kujadiliana na mwenye bidhaa, kinachotakiwa ni kwamba mpimaji anaweza kukaa na simu, akajaribu, na kurudi na jibu la ndiyo au hapana.

Tukishasafisha maneno, stori namba 14 inapungua na kuwa hivi: "Kama karani wa mnada, nataka kuandika fungu lililouzwa pamoja na bei yake, ili mwenye chombo na halmashauri waone mauzo yaleyale." Ni bora. Lakini bado haijawa tayari, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Ron Jeffries, mmoja wa walioanzisha Extreme Programming, aliandika mwaka 2001 kwamba stori ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Sisi tunaikamilisha kadi, tunafanya mazungumzo nusu, na uthibitisho tunauacha mpaka siku ya kuonyesha kazi. Vigezo vya kukubali kazi ndio uthibitisho huo, ulioandikwa kabla ya kazi kuanza.

Kigezo kizuri kina hali ya mwanzo, kitendo, na matokeo yanayoonekana kwa nje. Kwa Kiswahili maneno matatu yanatosha: ikiwa, pale, basi. Tuandike cha kwanza:

Ikiwa kiwango cha ushuru kilichowekwa ni asilimia 5, pale karani anapoandika samaki aina ya changu kilo 12.5 kwa bei ya shilingi 9,000 kwa kilo na kuhifadhi, basi skrini ionyeshe jumla 112,500, ushuru 5,625, na baki ya mwenye chombo 106,875.

Asilimia 5 ni ya mfano tu. Kiwango halisi ni cha halmashauri kupanga, na ndiyo maana kigezo kinasema "kilichowekwa". Kuna faida ya kutumia namba kamili badala ya kuandika "mfumo ukokotoe ushuru kwa usahihi". Namba inazua maswali ambayo sentensi haiwezi kuyazua. Tazameni tukibadilisha kidogo: kilo 12.35 kwa shilingi 8,700. Jumla ni 107,445. Ushuru ni 5,372.25. Robo shilingi hiyo inakwenda wapi? Tukikubaliana kukadiria hadi shilingi kamili iliyo karibu, ushuru ni 5,372. Lakini tunakadiria lini, kwa kila fungu au mwisho wa siku? Mafungu matatu kama hilo, ukikadiria kila moja peke yake, yanatoa 16,116. Ukijumlisha kwanza unapata 16,116.75, ambayo kwa kukadiria inakuwa 16,117. Tofauti ni shilingi moja. Mvuvi hatajali, ila mhasibu anayelinganisha risiti na ripoti ya siku ataona hesabu hazifungi, na kila siku atakuwa na shilingi zisizo na maelezo. Kosa hili likigunduliwa baada ya miezi mitatu ya matumizi, kulirekebisha kunahitaji kugusa rekodi za zamani. Likigunduliwa kwenye kikao, linagharimu dakika tano na sentensi moja.

Kigezo cha pili kiwe cha kukataa. Ikiwa kilo ni sifuri, au bei haijajazwa, au mnunuzi hajachaguliwa, basi rekodi isihifadhiwe na skrini itaje sehemu inayokosekana. Watu wengi huandika vigezo vya mambo yanapokwenda sawa tu. Nenda upande wa pili: karani amesahau nukta, akaandika 125 badala ya 12.5. Mfumo hauwezi kujua kwamba amekosea, lakini unaweza kuuliza. "Ikiwa kilo za fungu moja zinazidi 100, basi mfumo umwonyeshe karani kilo na jumla, umtake athibitishe." Kwa nini 100? Hiyo itatoka kwa watu wa mnada wenyewe. Kama jodari au nguru mkubwa wanauzwa mmoja mmoja kwa uzito, kikomo kitakuwa tofauti na cha vibua.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika kila mara. Mtandao wa ufukweni unakatika. Karani amebonyeza Hifadhi, hakuona kitu, akabonyeza tena. Ikiwa ombi la kwanza lilifika kwenye seva na jibu ndilo lililopotea, basi kubonyeza mara ya pili kusizalishe fungu la pili. Bila kigezo hiki utakuwa na mauzo mawili ya changu walewale, mnunuzi atadaiwa mara mbili, na msanidi atasema kwa haki kabisa kwamba hakuambiwa.

Mtu anaweza kuuliza viwe vingapi. Kwa stori moja, vitatu hadi saba. Kikiwa kimoja, aghalabu ni stori yenyewe imerudiwa kwa maneno mengine: stori inasema karani aweze kuandika fungu, kigezo kinasema "karani ameweza kuandika fungu". Hicho hakipimi kitu. Vikizidi vinane, simameni. Hiyo ni dalili ya ukubwa, nasi tutaifikia hivi punde.

Kuna aina mbili za vigezo vya kuondoa. Ya kwanza ni vile vinavyochora skrini: kitufe kiwe kijani, kiwe chini kulia. Vinamfunga msanidi na havisemi kama karani amefanikiwa. Mahali pa michoro ni kwenye michoro. Ya pili ni vile vinavyofaa kila stori: msimbo ukaguliwe na mwenzako, majaribio yapite, maelezo yaandikwe. Hivyo viweke mara moja kwenye makubaliano ya timu kuhusu maana ya kazi kukamilika. Ukivirudia kwenye kila stori, watu wanazoea kuruka orodha ya vigezo bila kuisoma, na kigezo cha kubonyeza mara mbili kitarukwa navyo.

Jaribio rahisi la kujua kama vigezo vimetosha: mpe msanidi mmoja na mpimaji mmoja stori, kila mtu peke yake, wape mfano wa kilo na bei ambao haumo kwenye vigezo, waandike wanachotarajia kuona kwenye skrini. Wakitoka na majibu mawili, kigezo kina tundu, na mnajua liko wapi.

Sasa ukubwa.

Mwongozo wa Scrum wa mwaka 2020 unasema kitu kinachohesabiwa kuwa tayari kuchaguliwa kwa sprinti ni kile ambacho timu inaweza kukikamilisha ndani ya sprinti moja. Hicho ni kikomo cha juu kabisa, na kwa maoni yangu ni cha juu mno kukifuata kivitendo. Kwa sprinti ya wiki mbili, yaani siku 10 za kazi, stori inayochukua siku 9 haina nafasi ya kukosea: mpimaji anaipata siku ya tisa mchana, akikuta kosa hakuna muda wa kulirekebisha. Tafuteni stori za siku 2 hadi 3. Inayozidi siku 5 irudi mezani.

Dalili za ukubwa mnaweza kuzisoma bila kukadiria. Vigezo vimezidi vinane. Vigezo vinataja watu watatu, kwa mfano karani, mwenye chombo na mhasibu. Kuna "au" nyingi: kwa kilo au kwa ndoo au kwa tenga. Na ile iliyo wazi kuliko zote: mnapiga kura ya ukadiriaji, mmoja anaonyesha 2 na mwingine anaonyesha 13. Msichukue wastani. Huyu wa 2 anaona karani, kilo na fedha taslimu. Yule wa 13 anaona simu isiyo na mtandao, malipo ya simu na risiti. Wanasoma stori mbili tofauti katika karatasi moja. Muulizeni kila mmoja ataje anachokiona, na orodha ya vipande mtakuwa mmeshaipata.

Turudi kwenye namba 14. Tukikusanya vigezo vyote vilivyozaliwa kikaoni tunakuta kilo, ndoo na tenga, fedha taslimu, mkopo na malipo kwa simu, mtandao upo na mtandao haupo, kusahihisha, ujumbe kwa mwenye chombo. Hapa timu nyingi hukata kwa tabaka: stori ya kwanza ni kutengeneza majedwali ya kanzidata, ya pili kuandika upande wa seva, ya tatu kuchora skrini. Inaonekana ni mgawanyo mzuri kwa sababu kila mtaalamu anapata chake. Lakini mwisho wa sprinti ya kwanza kuna majedwali ambayo karani hawezi kuyagusa, na hakuna kigezo chochote kati ya tulivyoandika kinachoweza kupimwa. Baya zaidi, skrini ikifika sprinti ya tatu ndipo inagundulika kwamba jedwali halina mahali pa kuweka ndoo.

Kata kwa wima: kila kipande kipite kwenye tabaka zote, lakini kiwe chembamba. Kipande cha kwanza kinachukua samaki wanaopimwa kwa kilo, fedha taslimu, mtandao ukiwepo. Karani anaandika fungu moja, anaona jumla na ushuru, rekodi inabaki. Vigezo vyake ni vilevile vitatu tulivyoandika, pamoja na cha kikomo cha kilo na cha kukadiria shilingi. Hiyo ni vigezo vitano. Kinaweza kupelekwa ufukweni kikajaribiwa kwenye chombo kimoja.

Cha pili ni kusahihisha fungu lililoandikwa vibaya. Nakiweka cha pili kwa makusudi, ingawa wengi hukisukuma mwisho. Bila kusahihisha, karani akikosea mara moja atarudi kwenye daftari, na baada ya hapo mtakuwa na rekodi mbili zinazopingana. Kigezo chake kikuu: bei ya zamani isifutwe, ibaki ikionekana pamoja na jina la aliyebadilisha na saa. Mahali penye ushuru, bei inayobadilika bila kuacha alama ni ugomvi.

Cha tatu ni ndoo na tenga. Hapa kuna kanuni ya biashara inayojitegemea: ndoo haina kilo, basi bei ni ya ndoo nzima na jumla ni idadi mara bei. Mwenye bidhaa lazima aseme kama halmashauri inataka makadirio ya kilo kwa takwimu za uvuvi. Kama inataka, hicho ni kipande kingine. Cha nne ni ujumbe mfupi kwa mwenye chombo mnada ukifungwa. Cha tano ni malipo kwa simu.

Na mtandao usipokuwepo? Hicho sikukipa namba kwa sababu hakuna aliyeko mezani anayejua ukubwa wake. Simu mbili zikiandika bila mtandao kisha zikarudi hewani, rekodi zinaunganishwaje? Stori ya namna hiyo haikatiki kwa mazungumzo. Andikeni kazi ya uchunguzi yenye kikomo cha siku 2, yenye swali moja: je, simu mbili za makarani wawili zinaweza kuandika mafungu ya chombo kimoja bila mtandao na kuunganishwa bila kurudufu? Matokeo yake ni jibu na makadirio, msimbo wake unatupwa. Bila kikomo cha siku, uchunguzi unageuka kuwa ujenzi usio na vigezo. Ila kipangeni mapema, kabla ya kipande cha tatu, maana jibu linaweza kubadilisha namna ya kutoa namba za rekodi katika kipande cha kwanza.

Kukata nako kuna kikomo chake. Kipande kikiwa kidogo hadi hakimpi karani kitu, kwa mfano "sehemu ya kuandika jina la mnunuzi", mmekata kupita kiasi. Kiunganisheni na jirani yake. Swali la kujiuliza ni kama mtu wa soko akionyeshwa kipande hicho peke yake angeweza kusema kitu cha maana juu yake.

Niseme kidogo juu ya kikao chenyewe. Msikagule orodha nzima. Kagueni zilizo juu, zinazotosha sprinti mbili zijazo. Za chini zitabadilika kabla hamjazifikia. Kwenye Jira, mradi ukiitwa MNADA, zinapatikana hivi:

```
project = MNADA AND type = Story AND statusCategory != Done AND sprint is EMPTY ORDER BY rank ASC
```

Dakika 60, stori tano hadi nane, watu watatu kwa uchache: mwenye bidhaa, msanidi na mpimaji. Mpimaji asikosekane, kwani ndiye anayeuliza "na ikishindikana?". Kila mtu asome kabla ya kikao. Wanaosomea mezani wanatumia nusu ya saa kuelewa na nusu kukubali kwa uchovu. Swali lisilojibika ndani ya dakika 10 liandikwe kwenye stori pamoja na jina la mtu wa kulijibu na tarehe, muende kwenye inayofuata. Matoleo ya zamani ya mwongozo wa Scrum yalitaja asilimia 10 ya uwezo wa timu kama kiasi cha kawaida kisichozidishwa. Kwa watu watano na siku 10 za kazi ni siku moja kwa kila mtu, na hiyo inahesabu vikao, kusoma na kwenda kumuuliza dalali. Toleo la 2020 liliondoa namba hiyo, lakini kwa timu inayoanza bado ni kipimo kizuri: mkiizidi, huenda mnasafisha stori za mbali mno.

Zile za chini kabisa ambazo hakuna aliyezigusa kwa miezi sita, zifungeni. Aliyeziomba akizihitaji atarudi, na akirudi atakuwa na maneno mapya yanayolingana na hali ya sasa.

Na mkikosea? Stori imepita ukaguzi, imeingia kwenye sprinti, siku ya sita mnaona haitaisha. Msiipe nusu ya alama, na msiisogeze nzima sprinti ijayo ikiwa na vigezo vyake vilevile. Angalieni vigezo kimoja kimoja. Kama vilivyotimia vinampa karani kitu kinachotumika, gawanyeni: vilivyotimia vibaki na stori ya sasa na ifungwe, vilivyosalia viandikwe stori mpya, irudi kwenye orodha na ishindane na nyingine kwa nafasi. Mara nyingi mwenye bidhaa akiulizwa upya anaiweka chini, kwa sababu alichokihitaji kweli kilikuwa kwenye nusu ya kwanza. Kama vilivyotimia havimpi karani kitu, basi stori ilikatwa kwa tabaka na hatukuiona. Hiyo inarudi mezani, ikatwe upya kwa wima kabla mtu hajaandika mstari mwingine.

Ahsanteni. Walioleta orodha zao wazifungue, tuanze na stori tano za juu za kila mradi.